Barua ya Mazoezi Baada ya Kufunguliwa Plasta ya Kifundo cha Mkono

Mtu aliyevunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono kwa kawaida hufungwa plasta, au hogo kama wengi waitavyo, kwa muda wa wiki 5 au 6. Siku ya kufunguliwa hutarajia kurudishiwa mkono wake wa zamani. Badala yake huona mkono mwembamba, wenye ngozi kavu inayobanduka, na kifundo kisichokubali kukunjika. Hiyo ni hali ya kawaida: mfupa umeshikana, lakini misuli imepungua na kiungo kimekaza kwa kukaa bila mwendo. Kazi ya kukilegeza hufanyika zaidi nyumbani, na ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia humwandikia mgonjwa barua. Isome mbele yake kabla ya kuondoka, na umwombe akuoneshe kila zoezi kwa mkono wake.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 aliyeteleza bafuni na kuvunjika mkono wa kushoto. Barua yake ingeweza kusema hivi:

“Mara 4 kwa siku, loweka mkono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 5. Kisha laza mkono juu ya meza, kuanzia kiwiko hadi kifundo, kiganja kikitazama chini na kuning'inia nje ya ukingo. Vidole vikiwa vimelegea, inua kiganja kadiri uwezavyo na ushikilie kwa sekunde 5. Kishushe na ushikilie vivyo hivyo. Rudia mara 10. Baadaye kunja kiwiko, kibane ubavuni, ugeuze kiganja kitazame juu, kisha chini, mara 10. Malizia kwa kukunja ngumi na kunyoosha vidole vyote, mara 10. Usibebe kitu kizito kuliko kikombe cha chai hadi tutakapoonana baada ya wiki 2.”

Barua ni fupi, lakini kila agizo lina sababu yake. Meza imetajwa ili kifundo kifanye kazi peke yake, kwa maana mkono ukiachwa hewani, bega na kiwiko hukisaidia kwa siri. Vidole hulegezwa kwa sababu hiyohiyo: mgonjwa aliyezoea plasta huinua kiganja kwa kuvinyoosha vidole kwa nguvu, na misuli halisi ya kifundo ikabaki imelala. Kiwiko nacho kikiachwa mbali na ubavu, bega huzunguka na mtu hudhani kwamba kiganja ndicho kilichogeuka. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Mwendo wa kugeuza kiganja juu, tunaouhitaji kupokea chenji au kunawa uso, mara nyingi ni miongoni mwa miendo inayochelewa kurudi.

Swali linalowasumbua wengi ni kiasi gani cha maumivu kinachovumilika. Mvuto na uchungu kidogo unaotulia ndani ya nusu saa si tatizo. Uchungu ukidumu hadi usiku, au mkono ukiamka umevimba zaidi kuliko jana, punguza mara 10 ziwe 5 kwa siku chache, lakini usiache kabisa, kwani kiungo kitakaza tena. Wala usimruhusu mtu, awe jirani au mkandaji, kuuvuta mkono kwa nguvu ili “ufunguke”. Kwa kufanya hivyo huongeza uvimbe, na uvimbe ndio unaozuia mwendo.

Barua nzuri hutaja pia dalili za kurudi hospitali kabla ya tarehe uliyopangiwa. Ikiwa yako haikuzitaja, uliza. Ya kwanza husahauliwa mara nyingi: laza kiganja juu ya meza, kisha jaribu kukiinua kidole gumba peke yake. Kikishindwa kuinuka, huenda kano yake imekatika. Jambo hilo laweza kutokea wiki kadhaa baada ya kuvunjika, hata pale ambapo mfupa haukusogea, na hakuna zoezi la kuliponya, linahitaji daktari. Dalili nyingine ni maumivu makali ya kuunguza yasiyolingana na jeraha, yakiambatana na ngozi inayong'aa na kubadilika rangi au joto. Kadhalika ganzi katika kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, hasa usiku, huashiria kwamba mshipa wa fahamu umebanwa.

Barua isiyotaja idadi ya mazoezi, uzito unaoruhusiwa na tarehe ya kurudi ni pungufu, nawe una haki ya kuomba ikamilishwe. Siku ya miadi nenda nayo. Yule mama, kwa mfano, ataonesha kwamba anafikia mara 10 bila uvimbe wa asubuhi, na kwa ushahidi huo mtaalamu ataamua kama kikombe cha chai sasa kinaweza kuwa sufuria ndogo.