Je, Wajua? Sheria Nne Zinavyozaa Wimbi

Mwaka 1856 wanafizikia wawili wa Ujerumani, Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch, waliipima chaji ya chupa ya Leyden kwa njia mbili: kwanza kwa nguvu yake ikiwa imetulia, kisha kwa nguvu ya sumaku inayotokea chaji hiyo inapotiririka. Kutokana na vipimo vyao, James Clerk Maxwell alipata mwendokasi wa kilomita 310,740 kwa sekunde. Katika vipimo hivyo nuru yenyewe haikupimwa. Lakini Mfaransa Hippolyte Fizeau, aliyekuwa ameipima nuru mwaka 1849, alipata karibu kilomita 315,000. Kwa nini umeme na sumaku vifiche ndani yake mwendokasi wa nuru?

Jibu limo katika sheria nne za nyuga. Maxwell mwenyewe, mwaka 1865, alitumia milinganyo 20. Aliyeifupisha hadi minne tunayoifahamu leo ni Oliver Heaviside. Katika ombwe, pasipo chaji wala mkondo, inaandikwa hivi, E ikiwa uga wa umeme, B uga wa sumaku, nazo μ₀ na ε₀ zikiwa namba thabiti za sumaku na za umeme:

∇·E = 0
∇·B = 0
∇×E = −∂B/∂t
∇×B = μ₀ε₀ ∂E/∂t

Alama ∇· huuliza kama mistari ya uga inachipuka au kumezwa mahali fulani. Hapa haifanyi hivyo. Alama ∇× huuliza kama uga unajizungusha: ukitumbukiza gurudumu dogo la makasia mtoni na likazunguka, maji hapo yana mzunguko. Basi sheria ya tatu, ya Faraday, inasema sumaku inayobadilika huzungusha uga wa umeme. Ya nne inasema umeme unaobadilika huzungusha uga wa sumaku.

Shida ni kwamba kila uga umefungwa na mwenzake, nasi tunataka mlinganyo wa E peke yake. Ujanja ni kuutafuta mzunguko wa pande zote mbili za sheria ya tatu. Kulia tunapata −∂(∇×B)/∂t, kwa sababu hakuna tofauti ukianza na mabadiliko ya mahali au ya wakati. Sasa sheria ya nne inaiondoa B kabisa, na panabaki −μ₀ε₀ ∂²E/∂t². Kushoto kuna kanuni ya hisabati: ∇×(∇×E) = ∇(∇·E) − ∇²E. Sheria ya kwanza inafuta kipande cha mwanzo, maana ∇·E ni sifuri. Kilichobaki ni:

∇²E = μ₀ε₀ ∂²E/∂t²

Ukianza na sheria ya nne, ukatumia ya tatu na ya pili, B nayo inapata mlinganyo wa sura ileile. Sura hiyo ilikuwa inajulikana tangu d'Alembert alipouchunguza uzi unaotetema, mwaka 1747: kile kinachozidisha mabadiliko ya wakati ni 1/v². Kwa hiyo v = 1/√(μ₀ε₀). Zidisha μ₀, yaani 1.257 × 10⁻⁶, kwa ε₀, yaani 8.854 × 10⁻¹², tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 1 kwa jibu hilo. Utapata karibu mita 299,800,000 kwa sekunde.

Upande wa kulia wa sheria ya nne, katika ombwe, wote ni nyongeza ya Maxwell. Ampère alijua mkondo tu, na hapa mkondo haupo. Iondoe nyongeza hiyo uone: ∇²E inakuwa sifuri, wakati unatoweka kwenye mlinganyo, na hakuna kinachosafiri.

Kuna mtego mmoja wanafunzi wengi hunaswa nao. Mlinganyo wa wimbi ni tokeo la zile sheria, lakini haubebi yote yaliyomo ndani yake. Chukua uga unaoelekea x na kubadilika kadiri unavyosonga kwenye x hiyohiyo: E = E₀ sin(kx − ωt). Mlinganyo wa wimbi unaukubali bila kusita, mradi ω/k iwe ni c, yaani ule mwendokasi tuliokokotoa. Sheria ya kwanza inaukataa, kwani ∇·E si sifuri tena. Hivyo kila jibu lazima lirudishwe kwenye zile nne likaguliwe.

Elekeza uga huohuo upande wa y badala ya x, nao unapita. Sheria ya tatu sasa inadai B ielekee z, ipande na kushuka pamoja na E, na ukubwa wake uwe E₀/c. Wimbi la redio lenye volti 3 kwa mita lina basi sumaku ya tesla 10⁻⁸ tu, maelfu ya mara chini ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Antena ya fimbo haiitegemei sumaku hiyo. Inayosukuma elektroni zake ni E.