Msimbo Umekubaliwa Jana, Leo Unaombwa Tena

Fundi wa mitambo ameingia kwenye seva iliyoko mbali. Seva hiyo haina kioo wala kivinjari, ina dirisha la amri tu. Anataka kupakia mafaili kwenye wingu la Azure, la kampuni ya Microsoft, kwa kutumia chombo kinachoitwa Azure CLI. Anaandika:

```
az login --use-device-code
```

Seva inamjibu kwa kumpa anwani, microsoft.com/devicelogin, pamoja na msimbo wa herufi na tarakimu 9. Anafungua anwani hiyo kwenye simu yake, anauandika msimbo, anaweka nenosiri na kuthibitisha kwamba ni yeye. Muda huo wote seva inamuuliza Microsoft kila baada ya sekunde chache kama mtu huyo ameshakubaliwa. Akikubaliwa, seva inapokea tokeni na kazi inaendelea. Utaratibu huu uliwekwa kwenye kiwango cha RFC 8628 mwaka 2019, kwa ajili ya vifaa visivyo na kivinjari au ambavyo ni taabu kuandikia, kama televisheni.

Wiki kadhaa baadaye, amri ileile inakataa na kumwambia aingie upya. Wengi hudhani ule msimbo ndio ulioisha. Sivyo. Msimbo huishi dakika 15 tu, na ukishatumika kazi yake imekwisha. Kilichokufa ni kitu kingine.

Kwa kweli seva ilipewa tokeni mbili. Ya kwanza ndiyo inayoonyeshwa kwa huduma za wingu kila amri inapotumwa, nayo huishi kati ya dakika 60 na 90. Ni fupi kwa makusudi: ikiibwa, mwizi hana muda mrefu wa kuitumia. Ya pili ni ya kuhuisha. Haifungui huduma yoyote, bali hutumika kuomba tokeni mpya ya kwanza pale ile ya zamani inapoisha. Chombo hufanya hivyo kimyakimya, ndiyo maana fundi haoni chochote siku nzima. Kwa kawaida tokeni ya kuhuisha hudumu siku 90 bila kutumika, na kila ikitumika hutolewa nyingine mpya. Seva inayofanya kazi kila siku ingeweza kukaa miezi mingi bila kuulizwa lolote.

Basi kwa nini inauliza? Jibu limo kwenye ujumbe wa hitilafu, na inasikitisha kwamba watu huukimbilia mstari wa mwisho unaosema `az login` bila kusoma namba iliyo juu yake. AADSTS700082 maana yake tokeni ya kuhuisha imelala siku 90 bila kuguswa. AADSTS50173 maana yake imefutwa, mara nyingi kwa sababu mwenye akaunti amebadili nenosiri. Na AADSTS70043 inasema kwamba msimamizi wa kampuni ameweka sharti la watu kujithibitisha upya kila baada ya saa au siku kadhaa. Hapo kuingia upya kutasaidia hadi muda huo upite tena, basi.

Kuna mtego mmoja wakati wa kuchunguza. Amri ya `az account show` itaonyesha jina na akaunti kana kwamba mambo ni shwari, kwa sababu inasoma faili lililohifadhiwa kwenye seva yenyewe. Haigusi tokeni. Ni afadhali kutumia hii:

```
az account get-access-token --query expiresOn -o tsv
```

Ikileta saa, tokeni ya kwanza ipo na hiyo ndiyo saa itakayoisha. Ikileta hitilafu, namba ya sababu iko humo.

Sasa tuseme fundi wetu ameweka kazi ya kunakili mafaili kila usiku saa nane, ikitumia jina lake mwenyewe. Sharti la kampuni likitimia usiku, hakuna mtu wa kuandika msimbo, na nakala haipo. Dawa si kuomba sharti lilegezwe. Kazi isiyo na mtu ipewe utambulisho wake. Kama seva iko ndani ya Azure, inaweza kupewa utambulisho unaosimamiwa na wingu lenyewe, na kuingia kwa `az login --identity`, bila nenosiri wala simu ya mtu. Kama iko nje, husajiliwa akaunti ya programu yenye cheti chake na ruhusa za kupakia mafaili tu.

Mazoea ya kuandika msimbo kila unapoombwa yana hatari yake pia. Februari 2025 Microsoft ilitangaza kwamba kundi inaloliita Storm-2372 lilikuwa likiwatumia watu mialiko ya uongo ya mikutano, yenye msimbo wa aina hiihii. Ukurasa ulikuwa wa kweli, lakini msimbo ulianzishwa na mshambuliaji, kwa hiyo tokeni zilikwenda kwake. Msimbo wa kuandika ni ule tu ulioutoa wewe mwenyewe sasa hivi, kwenye dirisha lililo mbele yako.