Tiki za Bluu Husema Kidogo, 'Online' Husema Mengi

Tangu WhatsApp ilipoanza kuonyesha tiki za bluu mwezi Novemba 2014, watu wamenuniana, wamegombana na hata kuachana kwa sababu yake. Mtu anatuma ujumbe, tiki zinageuka bluu, jibu haliji, naye anaamini amedharauliwa. Mimi naona tumeelekeza macho pasipofaa. Tiki ya bluu inaeleza jambo dogo sana. Alama inayomwanika mtu hasa ni ile inayosema yuko hewani sasa hivi, au alionekana mara ya mwisho saa ngapi, na wengi hawajawahi kuigusa.

Tumchukue mama mmoja muuza vitenge wa Kariakoo, anayemdai mteja wake wa Morogoro. Saa mbili usiku anaandika: "Shikamoo mama, naomba unikumbuke na ile hela ya mzigo." Inatokea tiki moja ya kijivu. Maana yake ujumbe umetoka kwenye simu yake na kufika kwenye seva za WhatsApp, basi. Huenda simu ya mteja imezimwa, bando limeisha, au yuko mahali pasipo na mtandao. Huenda pia ameblokiwa, kwa kuwa ukiblokiwa ujumbe wako unabaki na tiki moja daima. Lakini tiki moja peke yake haithibitishi hilo.

Saa mbili na nusu zinakuwa tiki mbili za kijivu. Ujumbe sasa umefika kwenye simu ya mteja, au kwenye kompyuta aliyoiunganisha na akaunti yake. Hapo mteja anaweza kuwa ameshausoma wote kwenye taarifa inayojitokeza juu ya skrini, bila kuufungua, na tiki zisibadilike rangi. Saa tatu zinageuka bluu. Hiyo inamaanisha kwamba mazungumzo yao yamefunguliwa kwenye skrini ya mteja. Aliyeyafungua anaweza kuwa mjukuu anayechezea simu, au mazungumzo yalikuwa wazi tangu mwanzo na simu imelala mezani. Mama wa vitenge akitaka kujua saa kamili, aushikilie ujumbe wake kwa kidole kisha achague Info. Kwenye iPhone anauvuta ujumbe upande wa kushoto. Ataona saa ulipofika na saa ulipofunguliwa.

Kisha, chini ya jina la mteja, linatokea neno typing…, linapotea, linarudi, linapotea tena. Hakuna kinachofika. Alama hii hutokea vidole vinapogusa herufi na huondoka vinapotulia kidogo. Haisemi kilichoandikwa wala kilichofutwa. Mteja anaweza kuwa anatafuta maneno ya kuomba muda, na anayemdai anayaona mashaka yake papo hapo. Kwangu hii ndiyo alama isiyo na huruma kuliko zote, maana inaonyesha mtu akisitasita, na WhatsApp haijaweka mahali pa kuizima. Njia iliyopo ni kuandika jibu lako mahali pengine kwenye simu, kwa mfano kwenye sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu, ukaliridhia, kisha ukalinakili na kulibandika. Programu ya Signal, kinyume chake, ina kitufe cha kuizima: ingia Settings, Privacy, halafu Typing indicators.

Tiki za bluu zenyewe kuzizima ni rahisi. Ndani ya WhatsApp fungua Settings, kisha Privacy, kisha zima Read receipts. Kuanzia hapo ujumbe unaoufungua utabaki na tiki za kijivu kwa aliyekutumia. Gharama yake ni kwamba nawe hutaona tena bluu za wengine. Tena ukiweka picha kwenye Status, hutaona majina ya waliozitazama.

Wengi hukwama hapa, wakidhani wamejificha kabisa. Kitufe hicho hakifanyi kazi kwenye makundi. Kwenye kundi la harusi au la wazazi wa shule, mtu akiangalia Info ya ujumbe wake ataona jina lako katika orodha ya waliousoma, hata kama umezima kila kitu. Wala hakifanyi kazi kwa ujumbe wa sauti: ukiucheza, alama ya maikrofoni inageuka bluu na mtumaji anajua umesikiliza. Na wale wanaozima data kwanza ndipo wafungue ujumbe, wajue kwamba tiki zitageuka bluu mara data itakaporudi, ikiwa Read receipts bado imewashwa.

Sasa turudi kwenye alama kubwa zaidi. Tiki humhusu mtu mmoja na ujumbe mmoja. Alama ya online na saa ya mwisho kuonekana haihitaji hata kutumiwa ujumbe. Ukiiacha kwenye Everyone, mtu mwenye namba yako anaweza kufungua jina lako mara kwa mara na kujua unaamka saa ngapi, unalala saa ngapi, na usiku gani ulikesha. Akiwafuatilia watu wawili kwa pamoja, ataona kwamba huingia na kutoka kwa wakati mmoja, naye ataanza kukisia nani anazungumza na nani. Zipo hata programu zinazofanya upelelezi huo zenyewe, zikiandika kila dakika namba fulani inapokuwa hewani. Kwa mwanamke aliyemkimbia mume mkali, au kijana anayeandamwa na mkopeshaji, hiyo ni habari ya hatari.

Kuizima kunahitaji hatua mbili, na wengi hufanya moja tu. Fungua Settings, Privacy, kisha Last seen and online. Sehemu ya juu ni ya saa ya mwisho kuonekana: ukichagua Nobody hakuna atakayeiona, ukichagua My contacts except… unawaondoa wale unaowataja, na wengine kwenye orodha yako wanaendelea kuiona. Usiishie hapo. Shuka sehemu ya chini, inayohusu online, uchague Same as last seen. Usipofanya hivyo, saa ya mwisho itafichika, lakini kila unapofungua WhatsApp neno online litaendelea kuonekana. Hapa pia kuna kulipana: uliyemficha yako, nawe hutaiona yake.

Ushauri wangu kwa asiyetaka kuhangaika na vyote ni kuanza na hili la online, kisha tiki za bluu ziwe hiari yake. Mfanyabiashara anaweza kuziacha makusudi ili mteja ajue oda yake imeonekana.

Lipo jambo moja la kukagua leo hii. Kama watu wanakuambia "umesoma, mbona hujibu", nawe Read receipts umeiwasha na ujumbe wao hujaufungua, usiwabishie haraka. Kwenye WhatsApp fungua Linked devices. Kwenye iPhone utaipata ndani ya Settings, na kwenye Android kwenye vidoti vitatu vya juu. Itakuonyesha kila kompyuta na kifaa kilichounganishwa na akaunti yako, pamoja na muda kilipotumika mara ya mwisho. Ukikuta kifaa usichokijua, kiguse kisha uchague Log out mara moja, kwa sababu kuna mtu anasoma ujumbe wako kabla yako.