Shikilia Esc, Usipige Ile Namba

Tuchukue mkasa wa mfano, kwa kuwa mikasa ya namna hii hufanana mno. Mama mmoja mstaafu wa Tanga yuko Columbus, Ohio, amekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua. Binti ametoka na mtoto kwenda kliniki. Mama amefungua kompyuta ya nyumbani atafute taarabu, na kwa haraka akaandika jina la YouTube akiacha herufi moja. Ukurasa ukafunguka na kisanduku kidogo cha kijivu. Akabofya ili akiondoe.

Hapo skrini yote ikageuka bluu na nyekundu. King'ora kikalia, na sauti ya mwanamke ikaanza kusema kwa Kiingereza kwamba kompyuta imefungwa kwa sababu za kiusalama, asiizime wala asiiwashe upya. Ile alama ya X ya kufungia dirisha haipo tena. Kishale cha kipanya hakionekani. Katikati ya skrini pameandikwa Windows Defender, chini yake namba ya simu ya bure, na pembeni jina la mji: Columbus.

Jina la mji ndilo linalowamaliza watu. Mtu hujiambia kwamba aliyejua yuko wapi lazima yumo ndani ya mashine. Lakini kila tovuti inayofunguliwa huipata anwani ya IP ya mgeni wake, kwani bila hiyo haiwezi kumtumia ukurasa, na anwani hiyo hutosha kukisia mji na kampuni inayomuuzia intaneti. Hata tovuti ya utabiri wa hali ya hewa hufanya hivyo. Ile mistari inayopita kama uchunguzi unaohesabu virusi ni picha tu zinazocheza, na angezikuta hizo hizo hata kwenye kompyuta iliyotoka dukani asubuhi hiyo.

Basi mbona ukurasa huo haufungiki? Jibu liko kwenye ule mbofyo wa kwanza. Vivinjari haviruhusu ukurasa ujitanue skrini nzima wenyewe. Lazima mtumiaji abofye mahali fulani, kama anavyofanya akitaka kutazama video kwa ukubwa. Matapeli huweka kisanduku cha kuudhi ili mtu abofye, na mbofyo huo wanauhesabu kuwa ndiyo idhini. Ukurasa ukishatanda, huchora juu yake picha ya dirisha la Windows na vitufe vyake, huficha kishale, kisha huomba kivinjari kiuachie vitufe vya kibodi, ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Ndiyo maana kugusa Esc mara moja hakufui dafu.

Kugusa na kushikilia ni vitu viwili tofauti. Waliotengeneza Chrome na Edge waliacha mlango ambao ukurasa hauwezi kuuziba: mtu akiikandamiza Esc bila kuiachia kwa sekunde mbili tatu, skrini nzima hurudi kuwa dirisha la kawaida. Kivinjari chenyewe hulisema hilo kwa maandishi madogo juu ya skrini, lakini maandishi hayo hukaa kitambo kidogo tu, wakati ambao king'ora kimeshamshughulisha mtu.

Mama akampigia binti yake kwa simu yake ya mkononi.

"Umeshaipiga hiyo namba, mama?"

"Bado, mwanangu. Ila huyu mwanamke anasema nisizime."

"Muache aseme. Tafuta kitufe cha Esc, juu kabisa kushoto. Kikandamize, usikiachie mpaka nikwambie."

Mara nyingi safari huishia hapo. X hurudi, dirisha hufungwa, kelele hukatika. Lakini zipo kurasa zinazokilemea kivinjari kwa kazi zisizoisha mpaka kikaganda, na hapo Esc haitasaidia. Kwenye Windows kuna vitufe vitatu ambavyo ukurasa wa tovuti hauwezi kuvinyakua kwa vyovyote vile, kwa kuwa vinakwenda moja kwa moja kwenye mfumo wenyewe: Ctrl+Alt+Delete, kwa pamoja. Hapo huchaguliwa Task Manager, kisha jina la kivinjari, kisha End task. Kwenye Mac ni Command+Option+Esc. Kama hata hivyo vimeshindwa, kitufe cha kuwashia kikandamizwe kwa sekunde kumi hivi mpaka mashine izimike. Kazi ambayo haikuhifadhiwa inaweza kupotea, na hiyo ndiyo hasara yenyewe yote. Kwenye simu ni rahisi zaidi: hufunguliwa orodha ya programu zilizo wazi, na kivinjari husukumwa nje.

Kosa la pili hufanyika baada ya kuokoka. Kivinjari kilichofungwa kwa nguvu kinapofunguliwa tena huuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwapo, kwa kitufe cha Restore. Anayekubali hurudishwa kwenye king'ora kile kile, na huamini sasa kwamba virusi ni vya kweli. Swali hilo lifungwe bila kujibiwa.

Kipimo cha kweli ni hiki: kompyuta iwashwe, kivinjari kisiguswe, isubiriwe dakika chache. Onyo lisipojitokeza, ulikuwa ukurasa tu. Likitokea, kuna programu iliyosakinishwa, na mashine ipelekwe kwa fundi anayejulikana. Kama vijionyo vinachomoza pembeni kila kivinjari kikiwa wazi, huenda mtu aliwahi kubofya Allow mahali fulani. Kwenye Chrome ruhusa hiyo huondolewa kwa kuandika kwenye upau wa anwani:

```
chrome://settings/content/notifications
```

Na ile namba? Microsoft imesema wazi kwamba maonyo yake ya hitilafu hayawekwi namba ya simu kamwe. Anwani iliyo juu ya ukurasa si ya kutegemea sana: baadhi ya kurasa hizi zimewahi kupangishwa kwenye huduma ya Microsoft yenyewe ya kukodisha nafasi, zikabeba anwani inayoishia na windows.net. Namba ya simu ndiyo dalili isiyokosea.

Upande wa pili wa namba hupokea mtu mpole anayeomba aruhusiwe kuingia kwa AnyDesk au programu nyingine ya kuongoza kompyuta kutoka mbali. Humfungulia mteja Event Viewer, daftari ambalo Windows huandika makosa yake madogo ya kila siku, na kumwonyesha alama nyekundu kana kwamba ni wavamizi. Kila kompyuta nzima inazo. Kisha huja bei, mara nyingi kwa kadi za zawadi, au ombi la kufungua akaunti ya benki huku yeye akitazama. Mwaka 2023 peke yake, watu waliolalamika kwa FBI walisema wamepoteza zaidi ya dola milioni 924 kwa utapeli wa msaada wa kiufundi, na wazee walikuwa sehemu kubwa yao.

Aliyekwisha kupiga na kumruhusu mgeni aingie anayo kazi ya saa ile ile: azime waifai au achomoe waya, aipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, abadilishe nywila kwa kutumia kifaa kingine, kisha aiondoe ile programu kabla ya kurudi mtandaoni.

Mama wa Tanga hakupiga. Jioni binti yake aliiweka YouTube kwenye alamisho za kivinjari, ili mama abofye tu pasipo kuandika jina, akabandika kipande cha karatasi kando ya skrini chenye maneno mawili: shikilia Esc.