Sufuria Iliyoungua: Jivu Lisilale Ndani

Mama mwenye nyumba alinielekezea sufuria mlangoni, mahali penye mwanga. "Angalia, baba. Ukoko umetoka, lakini sufuria nayo imeugua."

Ilikuwa sufuria ya aluminiamu ya lita 5, ya aina inayopatikana karibu katika kila jiko la Keumbu. Jana yake alikuwa amebandika maharagwe, akatoka kwenda kuchuma majani chai, na moto ukamzidi. Aliporudi alikuta ukoko mweusi umeganda kwenye kitako, mnene kama sarafu. Akafanya alivyomwona mamake akifanya: akachota viganja viwili vya jivu mekoni, akamwaga maji, akaacha sufuria ikalala nayo. Asubuhi ukoko ulitoka kwa kusukumwa tu na mwiko. Ila chini yake chuma kilikuwa kijivu cheusi, kinakwaruza kikiguswa kwa kidole, na kina vishimo vidogo kama vimechomwa na ncha ya sindano.

Mamake hakumdanganya. Yeye alikuwa akiosha chungu cha udongo, na udongo hauna ugomvi na jivu. Aluminiamu inao, na ugomvi huo unaanzia mahali ambapo macho hayafiki.

Aluminiamu yoyote iliyokutana na hewa hujivika ngozi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele mara maelfu, inayotokana na chuma chenyewe kuungana na oksijeni. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia sufuria isiliwe na maji, hewa na chakula. Ukiikwaruza, inajirudisha papo hapo. Lakini ina mipaka yake: hustahimili maji yasiyo na ukali mwingi upande wowote. Katika kipimo cha pH, ambacho maji matupu yako kwenye 7, ngozi hii hutulia takriban kati ya 4 na 9. Chini ya hapo ndimu na siki huanza kuiyeyusha. Juu ya hapo kazi hiyo hufanywa na alkali, kwa kasi inayopanda kadiri alkali inavyokuwa kali na maji yanavyokuwa moto.

Sasa tazama vile vitu vitatu ambavyo watu huvikimbilia. Beking soda ikiwa ndani ya maji baridi iko karibu na 8.3, yaani ndani ya mipaka, japo ukingoni. Magadi ya kulainishia maharagwe na mboga, yale yatokayo Ziwa Magadi kule Kajiado, ni makali zaidi, yanafika kwenye 10 hivi. Maji ya jivu huweza kupita hapo, na ya jivu la maganda ya ndizi ni makali sana. Keumbu ni soko la ndizi, kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, na katika nyumba ile maganda hukaushwa kisha huishia mekoni pamoja na kuni. Ganda la ndizi limejaa potasiamu, na likiungua huacha kabonati ya potasiamu, ambayo huyeyuka majini upesi. Ndiyo sababu watengeneza sabuni nyeusi wa Ghana huchoma maganda ya jamii hiyo ya ndizi kupata alkali yao. Mama yule alikuwa ameilaza sufuria yake, bila kujua, ndani ya maji ya kutengenezea sabuni.

Dalili ya hatari huonekana mapema ukijua pa kutazama. Tulichukua kijiko cha jivu lilelile, tukalikoroga katika kikombe cha maji, tukaacha likatuama, kisha tukamimina maji ya juu katika kifuniko cha zamani cha aluminiamu. Maji yalikuwa baridi. Baada ya muda mfupi vipovu vidogo vilianza kujipanga juu ya chuma na kupanda kimoja kimoja, kama vya soda iliyosahaulika kwenye glasi. Hayo si maji yanayochemka. Ni gesi ya haidrojeni inayotoka alkali inapokula aluminiamu. Ukiona vipovu katika maji yasiyo moto, mwaga mara moja na suuza. Usingoje ukoko.

Kwa nini basi alkali inasaidia kuondoa ukoko? Kwa sababu ukoko si makaa matupu. Kilichoungua kabisa kuwa kaboni hakiyeyushwi na kitu chochote kilicho jikoni. Kinachokishikilia kwenye chuma ni wanga, protini na mafuta yaliyoiva kupita kiasi yakawa kama gundi. Alkali hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni, na huifanya gundi iliyobaki inywe maji, ivimbe, ilegee. Ukoko hung'oka ukiwa mzima, kama gamba. Kwa hiyo unachokihitaji ni alkali hafifu, joto la wastani na muda mfupi, kazi irudiwe ikibidi. Mabavu hayana nafasi hapa, yawe ya mkono au ya dawa.

Jirani yake alituletea sufuria nyingine iliyounguza matoke, nasi tukaiosha hivi. Kwanza tuliiacha ipoe yenyewe. Sufuria moto ikimwagiwa maji baridi kitako hupinda, na ukishapata kitako kilichobenuka, kila pishi litaungua mahali palepale. Ilipopoa tulitoa chakula kilicholegea kwa mwiko wa mti, tukatia maji lita 1, yaliyofunika sehemu iliyoungua kwa vidole viwili, na kijiko kikubwa kimoja cha beking soda. Tukaibandika kwenye moto mdogo. Maji yalipoanza kuchemka kidogo tulihesabu dakika 10, tukaipua, tukaacha mpaka maji yakawa vuguvugu.

Dakika hizo 10 zina maana yake. Beking soda inapopashwa moto hutoa gesi ya kabonidioksidi, na vipovu vyake husaidia kusukuma ukoko kutoka chini. Lakini inapoipoteza gesi hiyo hugeuka polepole kuwa soda ya kufulia, ambayo ni kali zaidi. Ukiichemsha nusu saa, umeshahama kutoka kwenye 8 ukaingia kwenye 10 na zaidi, na sufuria itatoka nyeusi. Wengi hulaumu sufuria kwamba ni feki, kumbe ni muda.

Kingo za ukoko zilikuwa zimeinuka. Tulizisukuma kwa mwiko, robo tatu ikang'oka. Iliyobaki haikukwanguliwa kwa kisu. Tulimwaga maji, tukaweka mapya na kijiko kingine, dakika 10 tena. Mara ya pili palibaki madoa matatu tu. Hayo tuliyasugua kwa beking soda iliyoloweshwa kidogo ikawa kama uji mzito, kwa kitambaa, kwa mwendo wa duara. Punje za beking soda ni laini kidogo kuliko aluminiamu, kwa hiyo zinasugua uchafu bila kuchimba chuma. Chumvi ya mezani ina ulaini wa karibu hivyo hivyo, nayo inafaa kwa madoa machache, mradi isuguliwe ikiwa kavu au nusu kavu na isuuzwe papo hapo. Chumvi isiachwe ikalala kwenye unyevunyevu. Kloridi iliyomo hupenya pale ngozi ilipo dhaifu na kuchimba chini kwa chini, na ndipo siku moja unaona mchuzi unadondokea makaa bila kujua tundu limetoka wapi.

Angalizo kuhusu paketi: beking poda si beking soda. Ile ya kuumulia keki ni soda iliyochanganywa na tindikali na wanga, na ndani ya maji soda na tindikali humalizana zenyewe. Vivyo hivyo ukimimina siki au ndimu juu ya beking soda utaona povu zuri, lakini kinachobaki ni maji yasiyo na nguvu ya upande wowote. Ndimu ina kazi yake, baadaye.

Kazi hiyo ni kuondoa weusi unaobaki chuma kikishakuwa safi. Hauondoki kwa kusugua kwa sababu si uchafu uliokaa juu. Ni ngozi ya sufuria iliyobadilika rangi. Tuliisuuza sufuria ya jirani, tukatia maji lita 1 na maji ya ndimu mbili, tukachemsha dakika 5, na weupe ukarudi karibu wote. Halafu tukamwaga, tukasuuza, tukachemsha maji matupu dakika 20 na kuyamwaga nayo. Maji hayo ya mwisho hunenepesha ngozi mpya, ili pishi la kwanza lisikutane na chuma kilicho uchi. Mimi nisingepika nyanya siku hiyo. Ningepika obokima, ugali wa huku.

Hapo ndipo afya inapoingia. Aluminiamu kidogo huingia katika chakula kutoka kila sufuria ya aina hii, na ile inayopenya hadi kwenye damu, mwili wenye figo nzima huitoa kwa sehemu kubwa kwa mkojo. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO mwaka 2011 iliweka kiwango cha juu cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, kutoka vyanzo vyote. Mgonjwa wa figo hana nafasi hiyo ya kuitoa. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima vyombo vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulikuta baadhi vikitoa madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Sufuria ya namna hiyo ikishachimbwa vishimo ndani, usiisugue ing'ae. Itoe kwenye chakula, uifanye ya kuchotea majivu.

Ile ya mama mwenye nyumba tuliipima kwa kuielekeza juani huku kichwa kikiwa ndani yake. Nukta yoyote ya mwanga ni tundu. Hatukuona hata moja, lakini ukucha ulikwama katika vishimo vinne. Akaamua itakuwa ya kuchemshia maji ya kuoga.

Jivu halikufukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo. Alilihamishia nje ya sufuria. Huchuja jivu la kuni kwa kitambaa ili changarawe zisibaki, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ni ngumu kuliko aluminiamu mara nyingi, hulikoroga na maji kidogo hadi liwe tope, na kulipaka kitakoni na ubavuni kabla ya kuibandika kwenye kuni. Masizi hushika jivu badala ya chuma, na chakula kikishaipuliwa, ganda lote huoshwa kwa maji siku hiyohiyo. Alkali hapo haipati muda wala maji ya kutosha kula chochote. Mikono huiosha mara amalizapo, maana maji ya jivu huchubua ngozi, na yakirukia jicho ni kulisuuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kupumzika, kisha hospitali.

Sufuria ya chuma cha pua haina ugomvi huu. Hiyo unaweza kuichemsha na beking soda hata nusu saa. Yenye rangi nyeusi isiyoshika chakula haitaki jivu wala chumvi, kitambaa laini tu. Na magadi ya moto, yale ya kuzibulia mifereji, yasiingie kabisa katika aluminiamu: huchemka yenyewe, hutoa mvuke unaochoma, na kitako chembamba kinaweza kutoboka mbele ya macho yako.