Karatasi Kabla ya Mkasi

Fundi wa kwenye video hukata sketi ya vipande sita kwa dakika kumi na tano, nawe ukimfuata mkono kwa mkono unamaliza na sketi inayomtosha yeye. Vipimo anavyotaja ni vya mwili mwingine. Kinachokufaa ni njia aliyovipata, na njia hiyo mara nyingi haisemi.

Mara ya kwanza itazame video yote bila kushika chaki. Hesabu tu vipande vya sketi iliyokamilika: sita vya mwili na mkanda mmoja, pamoja na zipu. Mara ya pili ndipo usimamishe kila anapotaja namba, na uiulize maswali matatu. Imepimwa kwenye karatasi iliyokunjwa au iliyofunguliwa? Nafasi ya mshono imo au haimo? Na imetokana na kipimo gani cha mwili?

Tuchukue mfano. Fundi anakunja karatasi mara mbili, kisha kutoka kwenye mkunjo anaweka alama ya inchi 2¾ kiunoni. Karatasi ikifunguliwa, kipande kina 5½. Toa nusu inchi ya mshono kila upande, inabaki 4½. Zidisha mara sita, unapata 27, na mwanzoni alisema kiuno cha mteja wake ni 27. Basi umeijua siri yake: kiuno gawa kwa sita, ongeza 1. Nyongani anaweka 4 kutoka kwenye mkunjo, yaani 8. Toa 1, zidisha mara sita, ni 42. Mteja wake ana nyonga 40, kwa hiyo ameongeza inchi 2 ili sketi isibane anapokaa. Chini anaweka 6½, yaani 13. Ukitoa mshono ni 12, inchi 5 zaidi ya nyonga. Huo ndio upana wa mwago wake.

Sasa weka mwili wako. Tuseme kiuno ni 30, nyonga 43, na sketi iwe na urefu wa 34 pamoja na mkanda wa inchi 1½. Hapa wengi hukosea, kwa kukata mwili wa inchi 34 kisha kuongeza mkanda juu yake. Mwili ni 32½, ongeza nusu inchi ya mshono wa juu na 1½ ya pindo, unakata 34½. Orodha inakuwa hivi, mishono ikiwemo:

- Mwili, vipande 6: juu 6, nyonga 8½, chini 13½, urefu 34½. Mstari wa nyonga uko 8½ kutoka ukingo wa juu.
- Mkanda, kipande 1: urefu 32½, upana 4. Urefu huo ni kiuno 30, inchi 1½ ya kupandana na 1 ya mishono.
- Kitambaa cha gundi cha kubandika kwenye mkanda, na zipu ya inchi 8.

Kitenge chenye upana wa inchi 45 kinapokea vipande vitatu sambamba, vichwa vyote upande mmoja ili maua yasisimame kichwa chini: mara tatu 13½ ni 40½. Ukanda wa 4½ unaobaki pembeni ndio mkanda wako. Safu mbili ni inchi 69, na yadi 2 ni 72. Kwa kuwa zinabaki inchi 3 tu, kiloweke kitenge na ukikaushe kabla ya kukata, kisha ukipime tena.

Utaratibu wa kushona nao uandike, kwa sababu video hukatwa na hatua za pasi ndizo huondolewa kwanza. Piga ovaloki kingo za vipande. Unganisha vitatu vya mbele, kisha vitatu vya nyuma, na upige pasi kila mshono ukiwa wazi. Funga ubavu wa kulia. Ubavu wa kushoto acha inchi 8 juu, shona sehemu ya chini, kisha weka zipu. Bandika gundi kwenye mkanda kabla ya kuushona.

Kabla ya mkanda, pima kiuno cha sketi zipu ikiwa imefungwa. Ukikuta 31½ badala ya 30, mkasi hauna kosa. Mishono sita ina kingo kumi na mbili, na kila ukingo ulioshonwa pungufu kwa moja ya nane ya inchi umekuongezea inchi moja na nusu kwa jumla. Rudia mishono kwanza.

Pindo liwe la mwisho, tena kesho yake. Pembeni mwa kila kipande kitambaa kimekatwa mshazari, nacho hushuka kikining'inia. Itundike sketi usiku kucha, asubuhi pima kutoka sakafuni, ndipo ukunje.