Sifuri ya Umri Haiko Darasani

Katika ripoti za afya za kisiwani Pemba mara nyingi kuna aya moja ya regresheni ambayo wasomaji wengi huiruka. Inakuwa hivi: "Umri ulipunguzwa miaka 10 kabla ya kuingizwa kwenye modeli. Kianzio kilikuwa 11.7." Msomaji wa kawaida anajiuliza kwa nini mtafiti amekata miaka ya watoto wa watu, na 11.7 ni ya nani. Maswali yote mawili yana jibu moja, na jibu hilo hubadilisha kabisa namna ya kulisoma jedwali linalofuata.

Tuchukue jambo linalojulikana vizuri Pemba: minyoo ya safura na wekundu wa damu. Safura hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu, na mtoto aliyeishi nayo muda mrefu hupungukiwa madini ya chuma. Mwaka 1997 Rebecca Stoltzfus na wenzake, akiwemo Hababu Chwaya wa Wizara ya Afya Zanzibar, walichapisha utafiti wa wanafunzi 3,595 wa kisiwa hicho. Zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa na upungufu wa damu, na safura ilionekana kuchangia sehemu kubwa ya hali zilizo kali. Tangu mwaka 2000 iko Wawi, Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambako kuhesabu mayai ya minyoo chini ya hadubini ni kazi ya kawaida. Kwa njia ya Kato-Katz kinyesi cha uzito wa miligramu 41.7 hutandazwa kwenye kioo, mayai yakahesabiwa, kisha hesabu ikazidishwa mara 24 kupata mayai kwa gramu.

Sasa tuseme tumepima wanafunzi 200 wa skuli moja ya Gando, wilaya ya Wete, wenye umri wa miaka 6 hadi 14, wastani wao ukiwa miaka 10. Nusu yao wana safura. Nambari zinazofuata nimezitunga kwa ajili ya mfano tu, si matokeo ya mtu yeyote, lakini zinakwenda jinsi takwimu halisi zinavyokwenda.

Regresheni rahisi kabisa inatafuta mstari mmoja unaopita katikati ya vidoti: umri upande mmoja, hemoglobini upande mwingine. Tuseme kompyuta imetoa hivi: hemoglobini = 9.3 + 0.21 × umri. Ile 0.21 ni mteremko: kila mwaka unaoongezeka, hemoglobini inatarajiwa kupanda gramu 0.21 kwa desilita. Ile 9.3 ndiyo kianzio, nambari ambayo mstari unaitoa pale umri unapokuwa sifuri.

Hapo ndipo shida. Umri sifuri ni kichanga aliyezaliwa leo. Hatukupima kichanga hata mmoja. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 6. Tena ukiwapima vichanga kweli, utakuta damu yao ni nzito kuliko ya mwanafunzi yeyote, kwa sababu mtoto huzaliwa na hemoglobini ya juu ambayo hushuka katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo 9.3 haimwelezi mtoto yeyote, wa skuli wala wa nyumbani. Ni mstari ulioburutwa mpaka mahali ambapo hakuna takwimu.

Kuweka kigeu katikati ni kuhamisha sifuri tu. Tunatoa 10 kwenye umri wa kila mtoto: mwenye miaka 13 anakuwa 3, mwenye miaka 7 anakuwa −3, mwenye miaka 10 anakuwa 0. Hakuna aliyepungua umri. Ni kama saa zetu: anayesema saa moja asubuhi na anayesoma 7:00 kwenye simu wanaliona jua lile lile, ila mmoja ameanza kuhesabu saa sita baadaye. Modeli sasa inasomeka: hemoglobini = 11.4 + 0.21 × (umri − 10). Mteremko umebaki ule ule. Kianzio kimepanda kutoka 9.3 hadi 11.4, na sasa kina mwenyewe: ndiyo hemoglobini inayotarajiwa kwa mwanafunzi wa miaka 10. Unaweza kuilinganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani, linalohesabu mtoto wa miaka 5 hadi 11 kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11.5. Kumbe mtoto wa katikati wa skuli hii ya mfano yuko chini kidogo ya kiwango hicho. Kutoka kwenye 9.3 usingeweza kusema lolote.

Mabadiliko mengine yamo kwenye kosa sanifu la kianzio, yaani kipimo cha kutokuwa na uhakika nacho. Kwa watoto hawa 200, ikiwa umri wao umetawanyika kwa mkengeuko wa miaka 2 na vidoti vimetawanyika kando ya mstari kwa gramu 1.2 hivi, kosa sanifu la kianzio cha umri sifuri ni takriban 0.43. La kianzio cha miaka 10 ni takriban 0.085, pungufu mara tano. Hakuna taarifa mpya iliyoingia. Tumeuliza tu swali mahali ambapo watoto wapo, badala ya kuliuliza miaka kumi mbali na katikati yao. Mtafiti anayeshangilia kwamba kianzio chake "kimekuwa sahihi zaidi" baada ya kuweka umri katikati anashangilia kuhama kwa swali.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kianzio hakimhusu, anachotaka yeye ni safura. Haya, tuiingize. Safura tunaiandika 1 kwa aliye nayo na 0 kwa asiye nayo, na kwa kuwa madhara yake hujilimbikiza, tunaruhusu athari yake ibadilike kadiri umri unavyokwenda. Modeli isiyowekwa katikati inatoa:

hemoglobini = 9.2 + 0.25 × umri + 0.20 × safura − 0.08 × umri × safura

Soma nambari ya safura peke yake: +0.20. Nimeshawaona watu wazima, wenye shahada, wakisoma jedwali la namna hii na kuandika kwamba minyoo inaongeza damu. Wengine, kwa kuwa wanajua haiwezekani, huamua takwimu zimeharibika na kuanza kufuta watoto kwenye faili. Takwimu hazina kasoro. Ile +0.20 ni tofauti ya safura kwa mtoto wa umri sifuri, yule yule asiyekuwepo. Kigeu kinapozidishwa na kingine, nambari inayosimama peke yake humzungumzia mtu ambaye kwake kile kigeu kingine ni sifuri.

Ukitoa 10 kwenye umri, kompyuta hiyo hiyo kwa watoto hao hao inatoa:

hemoglobini = 11.7 + 0.25 × (umri − 10) − 0.60 × safura − 0.08 × (umri − 10) × safura

Sasa kianzio, 11.7, ni cha mtoto wa miaka 10 asiye na safura. Mwenzake wa umri huo mwenye safura yuko chini kwa 0.60, yaani 11.1. Nambari ya kuzidisha, −0.08, haikuguswa, na maana yake ni ile ile: kila mwaka unaopita, pengo kati ya wenye safura na wasio nayo linapanuka kwa gramu 0.08. Ishara ya safura imegeuka kutoka chanya kuwa hasi bila ukweli wowote kubadilika. Thibitisha kwa mtoto wa miaka 13 mwenye safura: modeli ya kwanza inatoa 9.2 + 3.25 + 0.20 − 1.04, ya pili inatoa 11.7 + 0.75 − 0.60 − 0.24. Zote mbili ni 11.61.

Kwenye R kazi yote ni mistari miwili:

```
d$umri10 <- d$umri - 10
lm(hb ~ umri10 * safura, data = d)
```

Kuna watakaouliza kwa nini nimetoa 10 kamili, nisiiachie programu itoe wastani yenyewe. Kwa skuli yetu wastani umeangukia 10, bahati nzuri. Lakini skuli ya jirani inaweza kuwa na wastani wa 10.7, na kila timu ikitoa wastani wake, vianzio viwili vitazungumzia watoto wa umri tofauti huku vikiwekwa kwenye jedwali moja kana kwamba vinalingana. Nambari mviringo iliyo ndani ya takwimu, tena yenye maana kwa afya au kwa skuli, nadhani ni bora karibu kila mara.

Jinsia nayo huwekwa katikati na programu zisizojali. Wasichana wakiwa 1 na wavulana 0, na wasichana ni asilimia 52, sifuri mpya inakuwa mtoto ambaye ni msichana kwa asilimia 52. Kihesabu ni halali, ni wastani wa darasa. Kwa mzazi anayetaka kujua kuhusu binti yake haina faida, na mimi huiacha jinsia ilivyo.

Na kuna sifa moja ambayo kuweka katikati hupewa bila kustahili. Wengi huandika kwamba walifanya hivyo "kuondoa uhusiano mkubwa kati ya vigeu". Uhusiano unaopungua ni ule kati ya safura na zao lake la kuzidishwa na umri, ambao uliletwa na mahali sifuri ilipowekwa. Ikiwa watoto wakubwa ndio wenye safura zaidi, jambo la kawaida kwa minyoo hii, umri na safura vitabaki vimeshikana hata ukitoa nini. Dawa ya hilo ni watoto zaidi, na hasa wakubwa wasio na safura na wadogo walio nayo.

Kwa hiyo ukiandika aya hiyo, taja ni nambari gani uliitoa, kwenye kigeu kipi, na kianzio ni cha mtoto gani: "Umri ulipunguzwa miaka 10, kianzio ni hemoglobini inayotarajiwa kwa mwanafunzi wa miaka 10 asiye na safura." Na ukipewa ripoti yenye nambari za kuzidisha bila maelezo hayo, usiinukuu ile safu ya safura. Irudishe kwa mwandishi umuulize sifuri yake iko wapi.